Mzee, majibu ya maswali yako ya mahindi

Shikamoo Mzee. Ujumbe wako ulioandikwa na mjukuu nimeupata jana usiku, na maswali yote matano yamesomeka vizuri. Manne nayajibu hapa kwa kirefu. Moja sitalijibu, na sababu nitakueleza nikilifikia.

Umeuliza utajuaje kama mahindi yamekauka. Wengi tunang'ata, lakini meno hudanganya. Tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: yarudishe juani, juu ya turubai, si ardhini. Ikiporomoka yote chini, umekaribia, ila mimi ningeongeza siku nyingine ya jua, maana kwa kuhifadhi muda mrefu tunataka asilimia 13 hivi. Chumvi yenu najua hukaa wazi jikoni. Ianike kwanza, la sivyo itaganda yenyewe na utanilaumu bure.

Kuhusu dumuzi na ile mifuko ya bei: kwa gunia utakalokula mwakani, nunua. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki, nje kiroba cha kawaida. Jaza, kamua hewa, funga kila mfuko peke yake, wa ndani kwanza. Wadudu waliomo hukosa hewa wakafa, na huhitaji kuchanganya dawa yoyote ya unga. Usifungue kila wiki kuchungulia! Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya uwadhibiti, kwa sababu tundu moja tu linaharibu kazi yote. Dumuzi tunayemlalamikia sisi Tanzania alianzia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Huyu hutoboa hata mbao za ghala, kwa hiyo fagia na choma masalia ya mwaka jana kabla ya kuingiza mapya.

Mahindi yaliyoota ukungu usimpe mtu, na kuku usiwape. Najua inauma kutupa debe zima. Lakini sumukuvu haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali, na ng'ombe akila pumba yake, sumu hupita kwenye maziwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa jambo hili hili. Chambua kwa mkono punje zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zilizosinyaa. Zinazobaki zikoboe kabla ya kusaga, inapunguza, ingawa gunia lililooza katikati hakuna kuchambua, ni kuteketeza.

Mbegu: zile za chotara usirudishe shambani. Msimu wa pili zitatoka mchanganyiko, nyingine fupi, nyingine hazina gunzi la maana. Kama hutaki kununua kila mwaka, panda Staha au TMV-1, zilizotoka kituo chetu cha Ilonga hapa Kilosa. Hizo unaweza kurudia misimu mitatu hivi, ukichagua magunzi ya katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani.

Sasa lile la tano, dawa ya kuchanganya kwenye ndizi mbivu ili nyani wafe. Hapo, Mzee wangu, niwie radhi: jina la dawa sitataja, wala kipimo. Sikuoni mtu mbaya. Robo tatu ya eka kuliwa kwa asubuhi mbili ni hasara ambayo hata mimi ingenitia hasira. Ila ndizi hiyo haichagui. Mtoto anayechunga mbuzi ataiokota, mbwa wako ataila, na tai atakayemla nyani naye atakufa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inakataza sumu. Kama umeshachanganya kitu, usiguse kwa mkono mtupu, zuia watoto wasifike na unipigie leo hii hii.

Nyani hushindwa na mtu, si na kinyago. Baada ya siku tatu hukikalia. Fyeka kichaka cha ukingoni mita kama 20, wasipate pa kujificha. Gawaneni zamu na majirani wawili kuanzia alfajiri, wakati mahindi yanapoanza kukomaa. Upande wa msitu panda ufuta au pilipili mwakani, mahindi yasogee ndani. Afisa wanyamapori wa wilaya nitamwandikia mimi, wewe nitajie siku walizoingia na ukubwa wa eneo.

Jumatano nitakuwa kwenu kabla ya saa nne. Chupa iwe tayari, na mjukuu awepo, maana yeye ndiye atakayetikisa.

Bibi shamba wenu