Slaidi ya 22: Kuanzia Jumatatu, nani anabeba nini na mwisho wake lini

Tathmini ya mauzo, Julai–Septemba 2024
Timu ya Kaskazini, rangi na bati. Arusha, Ijumaa 4 Oktoba 2024

Tulipofika: shilingi milioni 412 dhidi ya lengo la milioni 460. Katika pengo la milioni 48, milioni 31 ni oda tulizozipokea kwa mkono wetu tukakosa mzigo wa kupeleka.

Tunachokwenda kufanya: mzigo wa Desemba uwe Moshi kabla ya katikati ya Novemba, na usiende kwa mtu ambaye bado hajalipa wa Julai.

| Kazi | Mwenye kazi | Mwisho |
|---|---|---|
| Oda ya ndoo 600 za rangi nyeupe ya nje, lita 20, itoke | Ofisa manunuzi | Ijumaa 11 Oktoba |
| Ndoo hizo ziwe stoo ya Moshi, zimehesabiwa na kuingizwa kitabuni | Msimamizi wa stoo, Moshi | Ijumaa 8 Novemba |
| Madeni ya zaidi ya siku 60 yashuke kutoka milioni 57 hadi chini ya milioni 20 | Mhasibu wa madai | Alhamisi 31 Oktoba |
| Gari la Himo–Marangu–Mwika–Mkuu–Tarakea lipande mara 2 kwa wiki | Msimamizi wa usafirishaji | Safari ya kwanza Jumatatu 21 Oktoba |
| Mashine ya kuchanganya rangi ya Moshi ifanye kazi | Fundi mkuu, Arusha | Ijumaa 18 Oktoba |
| Bei ya jumla ya Karatu na Mto wa Mbu ipangwe upya | Meneja wa mauzo | Jumatano 16 Oktoba |
| Nusu siku na mafundi rangi 80, Moshi na Himo | Ofisa masoko | Jumamosi 16 Novemba |

Bado inasubiri uamuzi: kukodi kirikuu kwa wiki 8. Mkurugenzi, Jumanne 8 Oktoba.

Ukaguzi: Ijumaa 25 Oktoba, saa 2:30 asubuhi, ofisi ya Moshi. Dakika 40, tukiwa na jedwali hili hili.

---

Maelezo ya msemaji (hayaonekani ukutani)

Ndugu zangu, slaidi 21 zilizopita zilikuwa za kuangalia nyuma. Hii muipige picha kwa simu.

Naomba tuanze na mistari miwili ya juu, maana mingine yote inaning'inia hapo. Sisi wote tunajua Desemba ya Kilimanjaro ilivyo. Watu wanapanda kutoka Dar, Mwanza na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, na hakuna anayetaka kukuta ukuta wa baba yake umebabuka. Ila tumekuwa tukiipangia Desemba ndani ya Desemba, na hapo ndipo tunapopigwa. Aliye Dar anamtumia fundi pesa mapema ili rangi iwe imekauka kabla hajafika, na vuli ikichanganya, fundi naye anavizia siku za jua. Kwa hiyo Mangi wa Mwika anajaza duka Novemba. Tukimpelekea ndoo tarehe 15 Desemba, atatupokea kwa chai, atatusikiliza vizuri, halafu atasema ameshanunua kwa mwingine.

Msambazaji anahitaji wiki 3 tangu oda itoke. Ikitoka tarehe 11 Oktoba, mzigo unaingia tarehe 1 Novemba, tunabaki na wiki moja ya kupumulia. Ikichelewa wiki mbili, hatuna pumzi tena, na dada yetu wa stoo ndiye atakayelaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Ndiyo maana nimeigawa kazi hii mistari miwili yenye watu wawili tofauti. Robo iliyopita tuliandika "timu ya ugavi", na mliona ugavi wenyewe ulivyokuwa.

Madeni. Milioni 57 ziko kwenye maduka 14. Hizi ni bidhaa tulizotoa kwa mali kauli, nyingine bila hata karatasi iliyosainiwa, na humo nimo na mimi: maduka matatu niliyaruhusu kwa simu nikiwa barabarani. Utaratibu kuanzia Jumatatu: mwenye deni lililopita siku 60 hapati mzigo mpya mpaka alipe angalau nusu kwenye lipa namba ya kampuni, siyo kwenye simu ya muuzaji. Akinipigia mimi, nitamrudisha kwa mhasibu. Akimpigia mkurugenzi, tumekubaliana naye atamrudisha kwa mhasibu vilevile. Kuna duka moja la Himo ambalo hulipa kwa kuchelewa lakini hulipa lote, kila mwaka, wateja wake wakishapokea pesa ya kahawa. Huyo asibanwe kama mkaidi. Mhasibu ataandika makubaliano yake ya tarehe, nitasaini, basi. Mwingine atakayetaka upendeleo huo aje na historia kama hiyo.

Njia ya Rombo. Fuso linapanda Alhamisi tu, na wiki nyingi linaondoka Arusha nusu tupu kwa sababu maduka ya juu yameagiza Ijumaa na hayawezi kungoja siku 6. Safari mbili, Jumatatu na Alhamisi, zianzie stoo ya Moshi badala ya Unga Limited. Arusha ijaze Moshi mara moja kwa wiki kwa lori kubwa. Lami ya njia kuu haina shida. Shida ni vichochoro vya kushukia dukani mvua ikinyesha, na ndiyo hoja ya kirikuu. Mkurugenzi, gharama yake iko slaidi ya 19. Hata ukisema hapana Jumanne, ratiba ya safari mbili inabaki, tutashushia barabarani na maduka yafuate mzigo.

Mashine ya Moshi: kipuri kimefika, ni kazi ya siku moja, sina la kuongeza.

Karatu na Mto wa Mbu ni yangu. Tunauza pale kwa bei ya Arusha mjini bila kuhesabu mafuta ya gari, halafu tunashangaa faida imekwenda wapi. Nitaleta bei mbili, ya kuchukua mwenyewe na ya kupelekewa.

Mafundi nao wasichukuliwe kama sherehe ya fulana. Mteja wa Dar hajui jina la rangi, anamwambia fundi "nunua nzuri". Ofisa masoko, nataka 80 wenye namba za simu na kijiji wanachofanyia kazi, wajaribu rangi yetu kwenye ukuta wa kweli, wasikae kutazama picha.

Kalenda: Jumatatu ya tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere, na Jumatano ya tarehe 27 Novemba ni uchaguzi wa serikali za mitaa. Msipange kupakia mzigo siku hizo. Safari ya mwisho ya mlimani ni Alhamisi 19 Desemba. Baada ya hapo barabara ni ya wenye kwenda nyumbani.

Atakayeona tarehe yake haitawezekana aseme siku 3 kabla, kwenye kundi letu la WhatsApp, aweke tarehe mpya na sababu. Kuchelewa baada ya kutoa taarifa tutakuongelea. Kuchelewa kimya kimya nitakuandika kwenye jedwali kwa wino mwekundu, na jedwali litabandikwa stoo.

Sasa kabla hatujanyanyuka kwenda kula, kila mwenye mstari asome mstari wake kwa sauti pamoja na tarehe. Tunaanza na manunuzi: kaka, umesema tarehe 11, lakini nukuu ya bei unayo tangu jana. Kinachozuia oda kutoka Jumatatu ni nini?