YAH: Ombi la Kutoshikilia Sharti la King'ora katika Dai la Wizi wa Tarehe 16 Machi 2025

Duka la Simu na Vipuri,
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
Dar es Salaam.
24 Machi 2025

Meneja wa Madai,
Idara ya Bima za Wizi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nimepokea barua yenu ya tarehe 20 Machi inayokataa dai langu la Sh. 41,850,000 kwa sababu king'ora hakikuwa kikifanya kazi duka lilipovunjwa. Sibishi kwamba sharti hilo limo katika hati ya bima, wala kwamba usiku ule king'ora kilikuwa kimya. Ninaloomba ni kwamba msilishikilie sharti hilo kwa muda wa kuanzia jioni ya Ijumaa tarehe 14 hadi alfajiri ya Jumapili tarehe 16 Machi, kisha dai lipimwe kama madai mengine.

Ijumaa hiyo umeme ulikatika, na uliporudi ubao wa saketi wa king'ora uliungua. Niligundua saa 12:40 jioni nilipokuwa nikifunga, nikampigia fundi wa kampuni inayotuhudumia papo hapo. Alifika Jumamosi asubuhi, akaung'oa ubao na kuahidi kuleta mwingine Jumatatu. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimemwandikia wakala wenu ujumbe wa simu kumweleza hitilafu hiyo, naye akajibu, "Nimepata, tutaonana Jumatatu." Nakiri kwamba sikuomba kibali cha maandishi kama hati inavyotaka, nilidhani kumjulisha wakala ni kuijulisha kampuni, na ofisi zenu zilikuwa zimefungwa. Usiku huo niliongeza mlinzi wa pili kwa gharama yangu.

Lakini jambo ninaloomba mlitazame kwa makini zaidi ni njia waliyoingilia wezi. Walikata bati, wakatoboa dari na kushukia stoo, ilhali vihisi vya king'ora vimefungwa kwenye mlango wa mbele na dirisha la nyuma tu, kwa mpangilio ambao mkaguzi wenu aliukagua na kuuridhia mwaka 2022 kabla ya bima kuanza. Hata kingekuwa kizima, king'ora kisingewatambua. Mlango na dirisha havikuguswa, kama maelezo ya polisi yanavyoonyesha. Ni vigumu kwangu kuona jinsi ubao ulioungua ulivyochangia hasara hii.

Naambatanisha nakala ya maelezo ya polisi yenye namba ya RB, taarifa ya fundi, picha za ujumbe niliobadilishana na wakala, stakabadhi ya malipo ya mlinzi na orodha ya simu 63 zilizoibwa pamoja na ankara za manunuzi. Ubao mpya ulifungwa tarehe 17 Machi, na nimeagiza kihisi cha dari.

Iwapo bado mtaona sharti lishikiliwe, naomba mnieleze kwa maandishi jinsi hitilafu hiyo ilivyohusiana na wizi wa kupitia paa. Niko tayari kumpokea mpima hasara wenu siku yoyote ya kazi. Tundu la darini bado sijaliziba, nimelifunika turubai tu.

Wako mwaminifu,

Mwenye duka na mwenye bima