Presha Kuka ya Lita 5: Skripti ya Kipindi cha Mauzo

[STUDIO, JIKONI. Majiko mawili ya gesi. Kushoto sufuria ya kawaida, kulia presha kuka. Kila moja ina nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Saa kwenye kona ya skrini.]

MTANGAZAJI: Wakubwa shikamooni, wengine mambo! Wewe mwenye mtungi wa kilo 6, maharage yanavyokumalizia gesi unajua mwenyewe. Mama, washa tuone.

MAMA MPISHI: Haya mwanangu. Kwa maharage, chombo kisipite nusu. Yanatoa povu, na povu likipanda linaziba tundu la mvuke.

[KARIBU: kidole kwenye alama ya nusu. Mfuniko unazungushwa mpaka mikono miwili ikutane. SAUTI: "ka!"]

MTANGAZAJI: Mama, kwetu kitu hiki kinaogopwa. Wanasema kinalipuka.

MAMA MPISHI: Wanaoogopa wana haki, wengi hawakufundishwa. Tazama. Kizito hiki cha juu kinaachia mvuke presha ikizidi. Kikiziba, valvu hii ya pembeni inafunguka yenyewe. Kabla hujapika, chungulia tundu kwenye mwanga. Huoni ng'ambo? Zibua kwanza. Na mpira wa mfuniko ukikakamaa, nunua mwingine, usiubembeleze.

[SAUTI: kizito kinaanza kufoka. Mama anapunguza moto.]

MAMA MPISHI: Umesikia? Hapo ndipo unashusha moto. Ukiacha uwake vilevile unachoma gesi bure.

MTANGAZAJI: Na siri yake ni nini?

MAMA MPISHI: Mvuke umebanwa. Maji yanapita nyuzi 100 za kawaida, yanakaribia 120.

[KATA. MAANDISHI: "Dakika 15 tangu kifoke." Mama anazima jiko, anasubiri presha ishuke yenyewe. Anainua kizito: kimya.]

MAMA MPISHI: Mfuniko ukigoma, mvuke bado upo. Usiulazimishe hata kama wageni wameshanawa.

[KARIBU: anaminya harage la presha kuka kwa vidole viwili, linapondeka. La sufuria linamponyoka na kuruka mezani.]

MTANGAZAJI: (anacheka) Hilo bado liko shambani! Je, makande?

MAMA MPISHI: Makande, kongoro, utumbo, vyote humo. Ila ndizi mbivu usiweke, utakuta uji.

[KAMERA YA 1. Mezani: presha kuka, mpira wa akiba, kikapu cha mvuke.]

MTANGAZAJI: Bei yake ni shilingi 95,000. Ukiagiza leo kabla ya saa 4 usiku, ni 79,000, na mpira wa akiba na kikapu unapewa bure. Dhamana mwaka mmoja. Dar es Salaam tunakuletea mlangoni bila nauli; unafungua boksi, unakagua, ndipo unalipa. Mikoani tunatuma kwa basi, nauli shilingi 8,000, unalipia mzigo ukiupokea. Piga namba iliyo chini ya skrini, au tuma neno PRESHA na jina la mtaa wako.

[MAANDISHI: "79,000 tu. Mwisho leo saa 4 usiku." Mama anaendelea kuunga maharage kwa nazi. MUZIKI.]