Duka A na Duka B: wanavyoandika na walipoacha pengo

Dada, ile kazi uliyonipa, ya kusoma kurasa za maduka mawili ya mabegi tunayoshindana nayo, nimeimaliza jana usiku. Nimechukua posti 30 za mwisho za kila duka, pamoja na bayo na komenti zote, nikazisoma kwa sauti, maana ukisoma kimya kimya macho yanaruka yale maneno tuliyoyazoea. A ni lile lenye nembo ya dhahabu, B ni lile lenye katuni. Sijaangalia picha wala bei, hapa nimeangalia maandishi tu.

A anaandika kama tangazo la redio. "Tunakuletea mabegi ya kisasa yenye ubora wa hali ya juu." Hii "ubora wa hali ya juu" nimeikuta kwenye posti 19 kati ya 30, iwe begi la mtoto wa shule, la safari, la laptopu, yote sawa. Nikafanya jaribio dogo, nikatoa neno "begi" nikaweka "godoro", na sentensi zake karibu zote zikabaki na maana ileile. Yaani hajasema kitu chochote kuhusu begi.

B ni mchangamfu na kwa kweli anaandika vizuri, sentensi fupi, utani, "mdau usipitwe na huu mzigo", watu wanacheka na wanajibu. Ukisoma posti zake tano unamjua kabisa ni mtu wa namna gani. Hapo amemzidi A mbali sana na tusijidanganye kwamba tutamshinda kwa kuchekesha, ile sauti ni yake na watu wameshamzoea nayo.

Sasa sikiliza hili ndo limenichukua muda. Mwanzoni nilihesabu "sisi" na "wewe" ili nijue nani anajizungumzia na nani anamzungumzia mteja, nikapata karibu sifuri kwa wote. Nikagundua kosa ni langu, Kiswahili hakihitaji useme "sisi tunauza", nafsi imo ndani ya kitenzi. Nikaanza upya, vitenzi vinavyofanywa na duka kapu moja, vinavyofanywa na mteja kapu lingine. "Tunakuletea" nimeiweka kapu la duka japo ina "ku" ndani, kwa sababu anayeleta ni duka, mteja amekaa tu anapokea. A akapata vitenzi 64 vya duka na 9 vya mteja. B akapata 22 vya duka na 71 vya mteja.

Nikafurahi nikasema basi B ndo anayemjali mteja. Halafu nikaviandika vile 71 kimoja kimoja kwenye karatasi: wahi, njoo, chukua, jipatie, usikose, usipitwe, agiza, wahi tena. Karibu vyote ni amri za kununua! Mteja wa B kazi yake ni kukimbia dukani, akishalipa anapotea. Na mteja wa A hata hayupo. Kwenye posti zote 60 sijaona kitenzi hata kimoja kinachotokea baada ya begi kutoka dukani, hakuna anayebeba, anayepakia, anayenyeshewa na mvua, anayefunga zipu asubuhi amechelewa kazini. Dada, pengo letu ni hapo.

Na sio mimi tu ninayeliona, wateja wenyewe wanaliuliza kwenye komenti. Yanayojirudia ni matatu: laptopu yangu itaingia? zipu haikatiki? mvua ikinyesha je? A anajibu "karibu inboksi" kwa kila kitu. B anajibu "inaingia mdau, ondoa shaka" na alama ya kucheka. Kuna dada mmoja aliuliza kwa B mara mbili, ya pili akaandika "naomba vipimo tafadhali", akapewa jibu lilelile, na hakurudi tena. Mimi iliniuma kusoma ile, mtu ana hela mkononi anaomba namba moja tu.

Na hizo namba zipo, sio siri. Inchi za laptopu ni kipimo cha kioo kutoka kona hadi kona, kwa hiyo laptopu mbili za inchi 15.6 zinaweza kuwa na bodi za ukubwa tofauti, ile ya zamani yenye kingo nene inagoma kuingia kwenye begi lililoandikwa 15.6. Ukitaja urefu na upana wa mfuko wa ndani kwa sentimita, mtu anachukua rula anapima kwake, biashara imekwisha. Zipu namba yake mara nyingi imepigwa nyuma ya kichwa cha zipu, namba 5 meno yakifungwa yana upana wa kama milimita 5, namba 8 kama milimita 8. Kitambaa cha 600D maana yake mita 9,000 za uzi wake zina uzito wa gramu 600. Na hili la mvua ndo wote wawili wanaandika "wotapruf" bila kufikiri, wakati kitambaa kinaweza kuzuia maji na bado maji yakaingia kwenye zipu na kwenye mishono. Siku moja begi lililoitwa wotapruf litaharibu laptopu ya mtu na komenti zitawaka moto.

Kuna mapengo mengine nimeyaona nikayaacha. Hakuna anayeongelea mazingira, lakini hakuna mteja hata mmoja aliyeuliza pia, kwa hiyo hapo ni patupu tu. Hakuna anayeongelea ngozi halisi, ila sisi hatuna ngozi. Hili la baada ya kununua linaulizwa, wenzetu hawaligusi, na sisi tuna fundi anayebadilisha vichwa vya zipu palepale dukani, jambo ambalo kwenye ukurasa wetu, nisamehe dada, hatujaliandika hata mara moja. Bayo yetu inasema "mabegi bora kwa bei nafuu", yaani ni A mwenye sauti ya chini.

Nimejaribu kuandika posti moja kwa begi la kijivu, nimelipima mwenyewe:

"Begi la mgongoni, kijivu. Mfuko wa laptopu una urefu wa sm 38 na upana wa sm 26, pima yako kwanza ndo uje. Zipu kubwa ni namba 8, za mifuko midogo namba 5. Ukinyeshewa manyunyu ukitembea hadi kituoni, vitu vyako vinabaki vikavu. Mvua kubwa ya nusu saa usiliamini, maji yatapita kwenye zipu, tia laptopu kwenye mfuko usiopitisha maji. Kichwa cha zipu kikilegea ndani ya mwaka mmoja unalileta, fundi anakibadilisha ukiwa umekaa unasubiri, hulipi."

Hiyo ya mwaka mmoja nimeweka mimi, ongea na fundi kwanza, kama hawezi tuandike miezi sita lakini tuandike kitu tutakachokitimiza. Na sentensi ya mvua kubwa najua utataka kuitoa, naomba uiache. Mtu akisoma ubaya mmoja uliosemwa wazi, ule uzuri mwingine anauamini.

Kesho nikifika napima mabegi 12 yanayotoka sana, nitahitaji rula ndefu na mtu mmoja wa kuniandikia.