Machache ya kaka mtu, kabla ya bwana harusi kuingia ndani

Bismillahi. Assalamu alaikum, wazee wangu, shekhe wetu uliyefungisha nikaha, jamaa zetu mliotoka Malindi, na nyinyi mama zangu mlioko orofani. Najua mwasikia, maana nilipokohoa tu kuna mtu amecheka dirishani, na cheko lile nalijua tangu utotoni. Dada, tulia, utaharibu mapambo.

Baba amenipa dakika tano, biriani isipoe. Nitajaribu.

Zuhura amenizidi miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu amenitawala kama liwali. Mama alikuwa akipika vitumbua alfajiri, sisi twavipeleka dukani Langoni kabla ya kwenda chuoni. Thelathini kila siku, kikapu nabeba mimi. Siku moja vikafika ishirini na sita. Dada hakuuliza. Alinitazama mdomo unavyong'aa mafuta, akaufuta kwa ncha ya mtandio wake, na zile pesa zilizopungua akazitia kutoka kwenye mkono wake wa Idi. Mama, hili ulikuwa hulijui. Sasa umelijua, na huwezi kunichapa mbele ya wageni.

Lakini ninalotaka kusema hasa ni habari ya kofia.

Kusi likiingia, bahari ikichafuka, mashua ya baba ilikuwa ikilala ubavu ufuoni, na nyumbani mkate unakatwa vipande vyembamba. Hapo ndipo dada alipotoa kitambaa na sindano. Mlioshona kofia mnajua: huchorwa kwanza kwa kalamu, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi, kimoja kimoja, mpaka jioni ukitazama ukuta waona vitundu hata ukutani. Kofia moja nzuri hula miezi. Alikaa kwenye ngazi za ua, akihama na jua, kila baada ya muda akiita, “Ndoo utunge sindano!” Macho yangu yalikuwa makali kuliko yake. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyofanya.

Nilipoingia fomu wani, nilimwona mwenye duka akimhesabia pesa mkononi. Alizifunga kwenye pindo la leso, tukaenda nazo moja kwa moja mpaka ofisi ya shule. Tulipita mbele ya muuza halua na hakusimama. Mimi nililia kwa ajili ya halua. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Na kila kofia aliyoshona, kisogoni aliacha kitundu kimoja bila kukizungushia uzi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Nikiiona njiani niijue ni yangu.”

Sasa nije kwako, shemeji Athman. Ulipokuja kuposa na wazee wako, maji yalikuwa yametoka, ngazi za jeti zina ukoga, na wewe mtu wa Malindi umezoea kushuka kwenye tuktuk. Ukateleza mpaka magotini. Tukakupa kanzu nyingine, ukakataa kwa adabu, ukakaa dakani saa mbili nzima kanzu inachuruzika, ukijibu maswali ya babu kuhusu nasaba yako kana kwamba umekauka. Ulipoondoka tulicheka sana, nisiseme uongo. Bibi peke yake hakucheka. Alisema, “Huyo mumpe.”

Mimi nilibaki na shaka yangu, kama kaka mtu yeyote. Leo msikitini nilikaa nyuma yako. Ulipoinama kumpa baba mkono, nikaiona kofia yako. Nikaona kisogoni. Kitundu kimoja, wazi.

Miezi yote hiyo, usiku na mchana, sisi twadhani anashona ya kuuza! Mama anamwambia apumzike, yeye ajibu, “Mwenyewe anaingoja.” Kumbe mwenyewe ni wewe. Shaka yangu ikaishia pale pale, na khutba ya nikaha nikaisikia nusu.

Basi, karibu nyumbani. Baada ya fungate utampandisha boti hadi Mokowe, kisha basi, na ngazi zile za ua zitabaki na mama na paka. Mlete Idi. Akikasirika husema “sina neno”, ujue neno analo. Chai yake ni ya tangawizi, sukari kidogo. Na macho yake hayajawa makali tangu wakati ule, kwa hiyo ukisikia anakuita jioni, hiyo kazi sasa ni yako.

Inueni bilauri za ukwaju, jamaa. Dada, Mungu akupe kheri na watoto wasiokula vitumbua vya watu. Na wewe shemeji, hicho kitundu kisogoni, mtu yeyote akikwambia fundi alisahau akuzibie, mkatalie.