Jibu: Ile sentensi yako ya mwisho

Mwende mwanangu, sasa,

Imeili yako imenikuta kwa matatu hapa Jogoo Road, magari yamekwama tangu saa moja, kwa hivyo nimepata muda wa kuisoma vizuri na nikaona nikujibu hapa hapa kabla ulale na wasiwasi. Hiyo sentensi ya mwisho ya insha yako, uliyouliza kama ina makosa, iko sawa. Sarufi yake haina shida yoyote, usiiguse.

Naiandika tena hapa vile ulivyoituma ndio tuongelee kitu kimoja:

"Siku nitakayorudi Mukuru nikiwa mhandisi, maji na umeme vitakuwa vimeshafika kwenye milango ambayo mama yangu aliipitia akiwa na mitungi mgongoni, na kama bado havijafika, basi mimi ndimi nitakayevileta."

Binamu yako anasema "ndimi" ni makosa juu ndimi ni wingi wa ulimi. Ni kweli ulimi mmoja, ndimi nyingi, lakini hii yako ni neno lingine kabisa, yamefanana tu umbo. Hapa ni "ndi-" ya kusisitiza imeungana na "mimi", vile tunavyosema wewe ndiwe, yeye ndiye, sisi ndisi, nyinyi ndinyi. Mwambie pole pole asijisikie vibaya, anakutakia mema. Watu wengi mtaani husema "mimi ndiye" na hakuna asiyewaelewa, lakini kwa insha kama hii "ndimi" ndiyo inakaa vizuri zaidi na nimefurahi sana umeikumbuka.

Halafu hiyo "vitakuwa". Umesema rafiki yako anataka iwe "yatakuwa yameshafika" kwa sababu maji yametangulia. Hapana. Maji peke yake, ndio, yangefika. Umeme peke yake ungefika. Lakini ukiyaunganisha kwa "na", na ni vitu viwili visivyo na uhai vya ngeli tofauti, unachukua "vi" ya vitu, kama vile ungesema kitabu na kalamu vimepotea. Ukiandika "yatakuwa" umeme unabaki nje, ni kama hujautaja. Na uzuri ni kwamba umeshikilia hiyo "vi" mpaka mwisho, vitakuwa, vimeshafika, havijafika, nitakayevileta, mara nne bila kuteleza. Hiyo "nitakayevileta" nimeitenganisha kwa kidole juu ya kioo cha simu, ni-ta-ka-ye-vi-let-a, kila kipande kiko mahali pake: wewe, wakati ujao, kirejeshi, hivyo vitu, halafu kitenzi. Na hiyo "ka" baada ya "ta" wengi huisahau wakiandika haraka, wewe hujaisahau.

Kwa "milango ambayo mama yangu aliipitia" pia uko sawa. Mtu asije akakushauri uweke "ambayo aliyoipitia", hiyo ni kurudia kirejeshi mara mbili, na wanafunzi wangu wa fomu fo bado wananiletea kila wiki. Ama "ambayo aliipitia", ama "aliyoipitia", moja inatosha. Ni ndefu kidogo, ndio, lakini urefu si kosa. Nimeisoma kwa sauti ya chini hapa kwa kiti na pumzi haijanikatikia, zile koma zako tatu zinatosha.

Na Mwende, niseme hivi pia, hiyo mitungi mgongoni imenigusa. Nakumbuka ulivyokuwa ukifika darasani asubuhi sketi imelowa upande mmoja, na sikuwahi kukuuliza. Wale watakaosoma wataona kitu ambacho huwezi kutunga, kwa hivyo usikubali mtu akuambie uibadilishe iwe "changamoto za maji katika jamii". Iache vile ilivyo.

Ni mahali pamoja tu juu kule, aya ya pili, umeandika "mahali mbaya". Mahali huenda na "pa", andika "mahali pabaya". Nimeangalia kwingine kote sijaona kitu cha kukusumbua.

Umesema mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa sita usiku. Tafadhali usingoje Ijumaa, stima zikipotea huko kwenu saiba zote zinafunga na utaanza kukimbia usiku na hakuna haja. Kesho ukitoka kibarua, tuma, halafu ukipata ujumbe wao wa kuthibitisha wamepokea, uhifadhi na unitumie nakala. Ile barua ya kukupendekeza nimeshaipiga sahihi, iko kwa ofisi, kaka yako anaweza kuipitia asubuhi kabla ya saa nne.

Msalimie mama sana.

Mwalimu Wanyonyi