Kuingiza mauzo na kufunga hesabu ya siku

Mdogo wangu,

Jana nilikuelekeza harakaharaka huku wateja wamejaa, nikaona bora nikuandikie. Karatasi hii ibaki kwenye droo ya juu, chini ya kikokotoo.

Kila unachouza kiandike kwenye daftari hapohapo, kabla mteja hajatoka mlangoni. Usiseme utakumbuka. Wakija watu watatu kwa mpigo, yule aliyenunua betri mbili ndiye atakayepotea. Saa kumi na moja jioni ndipo unafungua faili la MAUZO kwenye kompyuta na kuhamisha kila mstari, na ukishauingiza unautia tiki kwenye daftari.

Safu ziko sita: A tarehe, B bidhaa, C idadi, D bei ya kimoja, E jumla, F njia ya malipo. Wewe jaza zote isipokuwa E. Hiyo nimeshaiwekea fomula hadi mstari wa 200, inajizidisha yenyewe:

```
=C2*D2
```

Ukiandika namba juu yake, fomula inakufa, na kesho ukibadilisha idadi jumla haitabadilika.

Kwenye bei andika tarakimu tupu. Ukiongeza "/=" au herufi O mahali pa sifuri, E itakuonyesha #VALUE! na jumla ya chini nayo itaharibika. Ukimpunguzia mteja bei, andika aliyolipa, siyo iliyobandikwa. Kitu kikirudishwa usifute mstari wa zamani. Ongeza mpya wenye idadi ya -1, ili nione kilitoka na kikarudi.

Kwenye F yapo maneno matatu tu: Taslimu, Simu, Mkopo. Usiandike "keshi", na usiache nafasi mwishoni mwa neno, kwa sababu fomula hii haitaiona pesa hiyo:

```
=SUMIF(F2:F200,"Taslimu",E2:E200)
```

Jumla ya Simu ilinganishe na ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu ya duka, mmoja baada ya mwingine. Ujumbe anaokuonyesha mteja kwenye simu yake si malipo mpaka wetu uingie.

Sasa droo. Mauzo ya taslimu peke yake hayatalingana na droo hata siku moja, usiogope. Anza na chenji ya asubuhi, jumlisha mauzo ya taslimu, jumlisha madeni ya zamani yaliyolipwa taslimu leo (hayo yanaandikwa karatasi ya MADENI, siyo MAUZO, maana bidhaa ilishahesabiwa siku iliyotoka), kisha toa matumizi yaliyotoka droo. Juzi ilikuwa hivi: 20,000 + 148,500 + 12,000 − 6,500 = 174,000. Hesabu noti na sarafu kwanza, uandike ulichopata, ndipo uangalie kompyuta. Ukiangalia kompyuta kwanza, macho yatakutafutia jibu unalolitaka.

Juzi hiyo droo ilikuwa na 168,600. Pungufu 5,400. Kabla ya kuhesabu upya, gawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, mara nyingi kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. 5,400 inatoa 600, nikatafuta na nikaikuta: mauzo ya 2,800 yalikuwa yameingizwa 8,200. Isipogawanyika, angalia kama tofauti inalingana na kitu kimoja ulichouza. Huenda kimeingia mara mbili, au mstari haujatiwa tiki. Mkopo ulioandikwa Taslimu pia huleta upungufu, na huo ndio unaonisumbua kuliko yote kwa sababu mdaiwa naye anasahauliwa.

Pesa ikizidi usifurahi, tafuta vilevile. Huenda kuna mauzo hayakuandikwa au mteja kapewa chenji pungufu. Na ikipungua, usiongeze kutoka mfukoni mwako. Iandike ilivyo kwenye mstari wa TOFAUTI, pamoja na sababu kama unaijua. Ukitafuta kwa dakika ishirini bila mafanikio, acha, funga duka, tutaangalia wote asubuhi.

Jambo la mwisho linanihusu mimi. Mwaka jana nilimnunia msaidizi wangu siku mbili kwa upungufu, kumbe nilichukua mwenyewe hela ya kulipa fundi nikasahau. Kwa hiyo nikifungua droo, nidai niandike na nitie sahihi kwenye daftari la matumizi. Hata nikiwa na haraka. Hata nikikunja uso.

Leo jioni ingiza mwenyewe, mimi nitakaa pembeni.

Dada yako wa dukani